Tiki ya Huruma

Kwa miaka kumi na tisa mwalimu huyu amefundisha watoto wenye uoni hafifu. Walimu wenzake walimbandika jina la Bi Kuza, maana hapakuwa na kikao ambacho hakusimama kudai maandishi yakuzwe. Walimcheka, naye akacheka nao, kisha akadai tena.

Asubuhi ya mtihani wa hesabu wa kumaliza shule ya msingi hakucheka. Msimamizi alifungua bahasha ya binti aliyekuwa mwanafunzi wa Bi Kuza, mbele ya walimu na binti mwenyewe. Maandishi yalikuwa makubwa, safi kabisa. Ila maswali yalikuwa thelathini na tano badala ya hamsini, tena mepesi kama ya darasa la nne.

"Nani ameigusa fomu yangu ya kumwombea mtihani?" Bi Kuza akauliza.

Mwalimu wa taaluma alikohoa. "Niliongeza tiki moja tu kabla ya kuituma, Bi. Sehemu ya pili ilikuwa tupu, nikaona binti anapunjwa."

"Niliiacha tupu makusudi! Ya kwanza inabadili namna ya kuufanya mtihani: maandishi makubwa, nusu saa ya ziada. Ya pili inabadili mtihani wenyewe: maswali machache, mepesi. Huyu mtoto ana shida ya macho, hana shida ya hesabu!"

"Nilimhurumia."

"Huruma yako ndiyo imemponza."

Msimamizi alipiga simu ofisi ya mitihani, nayo ikajibu kwa upole wa kuudhi. Mtihani uliopunguzwa una cheti chake, na hauingii kwenye kugombea nafasi za sekondari. Binti akitaka, afanye wa kawaida. Nusu saa yake ipo, lenzi yake ya kukuzia maandishi aitumie. Wa kawaida wenye maandishi makubwa haukuchapwa kwa ajili yake. Kwenda kuukuza kwenye mashine ya kunakili ni kuvujisha mtihani. Kusomewa je? Hakukuombwa kwenye fomu.

Binti alipoulizwa hakusita. "Nipeni kama wa wenzangu."

Bi Kuza akabaki nje kwenye benchi, kwa kuwa mwalimu haruhusiwi chumbani kwa mwanafunzi wake. Dirishani alimwona binti ameinamia karatasi mpaka pua inaigusa, lenzi ikitambaa neno kwa neno, ikirudi, ikianza upya. Wenzake walimaliza wakatoka wakibishana majibu. Mwalimu wa taaluma alikuja kuketi kando yake, akafungua mdomo.

"Usiseme kitu," Bi Kuza akamwambia.

Nusu saa ya ziada nayo ikaisha. Binti alitoka macho yakiwa mekundu, yanachuruzika machozi ya kuchoka, lenzi bado mkononi.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"La thelathini na nane." Alijifuta macho kwa kiganja. "Hakuna lililonishinda, Mwalimu. Muda wote umeishia kwenye kusoma."