Wiki Tisa Zilizoitwa Changamoto

Katika hospitali ile alikuwapo mwanamke mmoja mratibu wa mradi, ambaye wenzake walimwita Mama Jedwali kwa kuwa hakuweza kueleza hata foleni ya chai pasipo kuchora mistari na visanduku. Mradi wake ulikuwa wa kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka faili za karatasi hadi kwenye kompyuta. Faili zilikuwa elfu arobaini na moja. Siku aliyoketi kuandika ripoti ya robo mwaka kwa kamati ya uongozi, zilizokwisha kuingizwa zilikuwa elfu ishirini na tatu na mia sita, na tarehe ya kufunga masjala ya karatasi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Tarehe hiyo haikuwa ya mapambo. Chumba cha masjala kilikuwa kimekwisha kuahidiwa maabara, na mkandarasi alikuwa na barua ya kuanza kazi siku ya kwanza ya mwezi. Faili zitakazokutwa humo zingepelekwa kwenye ghala nje ya mji, ambako kuipata moja huchukua siku nne, naye mgonjwa aliyeletwa hajitambui hana siku nne za kumsubiri dereva.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Alieleza ndani yake kila jambo: umeme uliokatika, mashine ya kunakili iliyokwama, makarani watatu kati ya saba waliohamishiwa mapokezi. Hakudanganya popote, lakini ukweli wake aliufungasha kama mtu anayehama nyumba, kijiko chini ya godoro. Jioni, kabla ya magharibi, alimpa shangazi yake aisome. Bibi huyo alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka thelathini na hakuwa na subira na kitambaa kinachobaki.

Shangazi alivaa miwani, akasoma, akafunua, akasoma tena.

"Mwanangu, niko ukurasa wa tatu na bado sijajua aliyefariki ni nani."

"Hakuna aliyefariki, shangazi. Mradi umechelewa."

"Umechelewa kiasi gani?"

"Wiki tisa."

"Mbona humu sijaliona?"

"Liko ukurasa wa nne, kwenye jedwali."

"Basi nani atafika huko? Hao wakubwa wako wana macho ya kukodi? Lianze hilo."

Mama Jedwali alicheka, lakini maneno yalimwingia. Usiku haukuwa umeshika bado alipofuta kurasa tatu nzima. Asubuhi ofisini alimalizia. Ripoti ikawa nusu ukurasa, nami sijapata kuona nusu ukurasa iliyo aminifu kuliko ile:

"Hali ya mradi: nyekundu. Tumechelewa wiki tisa. Faili 17,400 hazijaingizwa. Makarani wanne waliopo huingiza 1,450 kwa wiki, hivyo tutamaliza baada ya wiki kumi na mbili, si tatu. Sababu kuu: makarani watatu walihamishiwa mapokezi. Masjala ikifungwa kwa tarehe iliyopangwa, faili zipatazo 13,050 zitakwenda ghalani zikiwa hazimo kwenye kompyuta. Tunaomba kamati iamue: kuahirisha kufunga kwa wiki tisa, au kuturudishia makarani watatu na kuahirisha kwa wiki nne."

Alihesabu mara mbili kile kifungu cha mwisho. Makarani saba huingiza elfu mbili na mia tano kwa wiki; wiki saba zingetosha, yaani nne juu ya zile tatu zilizobaki. Hesabu ilikubali.

Ripoti za kamati hupitia kwa meneja, na meneja ndiye aliyesaini uhamisho wa wale makarani watatu. Hakuwa mtu mbaya. Foleni ya mapokezi ilikuwa imefika barabarani, akaziba pale palipovuja. Aliisoma ripoti amesimama, kisha akaketi.

"Dada, hii ni ripoti au ni hati ya mashtaka?"

"Ni fupi, bosi. Ulitaka fupi."

"Fupi nilitaka, ndiyo. Sikutaka kofi." Akachukua kalamu. "Hii nyekundu iwe njano. Kamati ikiona nyekundu itauliza, na ikiuliza haitakuuliza wewe. Hapa, 'tumechelewa wiki tisa', andika 'kuna changamoto za muda zinazoshughulikiwa.'"

"Zinashughulikiwa na nani?"

"Na sisi."

"Kwa makarani wanne?"

"Mama Jedwali," alisema kwa upole, "hakuna ripoti isiyo na changamoto. Hata ya bustani inazo. Na hili ombi la uamuzi tuliache kwanza. Nitazungumza nao pembeni."

Neno hilo changamoto lina undugu na kuchangamka, na pengine lilikuja mjini kwa nia njema, limtie mtu ari mbele ya jambo gumu. Maofisini limegeuzwa blanketi. Wiki tisa zililazwa chini yake, na hapakuonekana hata unyayo. Mama Jedwali, ambaye saini yake ilitakiwa chini ya ile ya meneja, alipewa karatasi iliyochapwa upya, akaambiwa katibu anaifungia bahasha saa sita. Aliomba namba ya 17,400 ibaki. Ikabaki, ila ikageuzwa upande: "Faili 23,600 zimekwisha kuingizwa." Hapo palikuwa na ukweli, na yeye hakupata pa kuushikia ubishi. Alisaini.

Kikao kilikuwa cha miradi kumi kwa saa moja na nusu. Yeye aliketi nyuma, kazi yake kubadilisha kurasa ukutani. Mradi wake ulikuwa wa saba. Mwenyekiti, bibi mwenye sauti ya taratibu, alipitisha kidole.

"Njano. Changamoto za muda, zinashughulikiwa. Kuna uamuzi wowote mnaouomba?"

"Kwa sasa hakuna, Mwenyekiti," meneja alijibu. Kule pembeni alikoahidi kuzungumza hakuwa amefika. Mwenyekiti alikuwa safarini wiki nzima.

"Basi masjala ifungwe kama ilivyopangwa. Wa nane."

Mama Jedwali alisimama. Hata yeye hakujua amesimama mpaka viti vilipogeuka.

"Mwenyekiti, naomba kusema. Faili hazitakuwa zimekwisha."

Mwenyekiti alirudi nyuma ukurasa mmoja, akatafuta kwa haki kabisa, juu hadi chini. "Hilo limeandikwa wapi, binti?"

"Halimo."

"Na hii saini ya pili ni ya nani?"

"Yangu."

Mtu mmoja alikohoa. Meneja aliitazama kalamu yake. "Lilete kwa maandishi kikao kijacho," mwenyekiti alisema, na hakulisema kwa ukali. Kikao kijacho kilikuwa baada ya miezi mitatu. Mkandarasi alikuwa anakuja baada ya wiki mbili na siku tano.

Alishuka masjala. Mzee wa masjala, mtunza faili kwa miaka ishirini na sita, alikuwa juu ya ngazi na vumbi kwenye nyusi.

"Wamesemaje, binti yangu?"

"Tunafunga tarehe moja."

Mzee alishuka kipandio kimoja kimoja. "Mpaka hapo tutaingiza ngapi?"

"Elfu nne hivi, Mungu akijalia umeme."

"Zipi?"

Swali hilo halikuwamo katika ripoti yoyote, ya kurasa nne wala ya nusu ukurasa. Waliketi sakafuni, wakaanza kuchambua: wanaokuja kila mwezi upande wa mlango, wajawazito karibu nao, waliobaki ukutani. Rundo la ukutani lilikua upesi. Mzee akanyanyua faili nyembamba yenye karatasi mbili.

"Huyu alikuja mara moja tu, miaka minne iliyopita. Ana mzio wa dawa, wameandika kwa wino mwekundu."

"Wako wangapi wa namna hiyo?"

"Nitajuaje, bila kuzifungua zote?"

Akabaki ameishika, akimtazama, akingoja aambiwe aiweke upande upi, wa mlango au wa ukutani.