Nyota Tano za Siku ya Kwanza

Mama mdogo Samira hafuti maoni ya mteja kwa sababu tu kuna mtu yamemuudhi. Hilo nililijua tangu nilipohamia kwake hapa Tukuyu kusoma kidato cha tatu. Nilichokuwa sijui ni kwamba siku moja wa kuudhika angekuwa mwalimu Lukasi, aliyemfundisha yeye kusoma na kuandika darasa la kwanza.

Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, karibu na soko. Ndani kuna meza, kompyuta na jiko la mkaa la kukaushia viatu, maana mvua ya huku mnaijua. Tovuti yake inaitwa Kitalu Chetu. Wenye vitalu wa Rungwe wanaonyesha miche yao humo, wateja wanaagiza, na mteja akishachukua mzigo anatumiwa ujumbe siku hiyohiyo: toa nyota, moja mpaka tano, useme ulivyoona. Kabla maoni hayajaonekana kwa watu, mama mdogo anayasoma. Je, huyu alinunua kweli? Katukana? Kaanika namba ya simu ya mtu? Hasira yenyewe anaipitisha. Kuna mtu aliandika kwamba miche aliyouziwa ilifaa kulishia mbuzi, akaipitisha huku anacheka.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne nilitoka shule nikamkuta hacheki. Alinigeuzia kioo nisome. Maoni kumi na moja, yote ya nyota moja, yote juu ya miche ya parachichi ya mwalimu Lukasi, yote yameingia ndani ya nusu saa. Miche imekauka. Miche imekauka yote. Tumekula hasara miche imekauka. Akaunti kumi na moja zilizofunguliwa siku hiyo, bila namba ya oda, kutoka simu moja.

Nikamwambia hayo ni ya uongo, hata mimi naona. Mwalimu Lukasi alikuwa na nyota tano karibu kila mstari, na alama ya kijani ya muuzaji anayeaminika. Mama mdogo akasema yananuka uongo, lakini kunuka siyo ushahidi. Akayazuia yasionekane, hakuyafuta, akaandikia kila akaunti: tafadhali tutumie jina ulilonunulia, siku uliyochukua miche, na picha kama unayo.

Moja tu aliliondoa palepale. Lilisema kwamba mwalimu ni mchawi, anakausha miti ya watu. Mama mdogo alihifadhi nakala kwenye faili lake, akamwandikia mwenye akaunti kwamba habari ya miche anaweza kuiandika upya, ila neno lile halitapita kwake hata siku moja. Huku kwetu mzee anaweza kuumizwa kwa neno hilo.

Kesho yake mwalimu mwenyewe alikuja, koti limelowa. Nilimwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Muuzaji hutumiwa taarifa kila maoni juu yake yanapoingia, basi habari zilikuwa zimeshamfikia. Alisema ana washindani wanaokionea wivu kitalu chake, akataka yale yote yafutwe kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo kikundi cha wakulima kingeamua kinunue wapi miche mia nne, na watafungua tovuti kwanza. Mama mdogo akamwambia yakithibitika ya uongo atayafuta yote, yakiwa ya kweli atayapitisha, na yeye atakuwa na nafasi ya kujibu chini yake.

"Samira," mwalimu akasema polepole, "mimi ndiye niliyekushikisha kalamu."

"Ndiyo, Mwalimu. Ndiyo maana nasoma kabla ya kufuta."

Akaondoka bila kuaga.

Jioni hiyo lilikuja jibu moja, la mtu anayeitwa Esnath wa Kisiba: njooni muone wenyewe. Jumamosi tukapanda bodaboda. Mama Esnath alikuwa anatungoja barabarani na binti yake Tulia, rika langu, ameshika simu iliyopasuka kioo. Hakutukaribisha ndani kwanza. Alitupeleka moja kwa moja shambani, nyuma ya migomba.

Sikuwa nimewahi kuona shamba lililokufa limesimama. Mistari ya miche, majani yamening'inia rangi ya kahawia, na ardhi chini yake imelowa chapachapa. Mama Esnath aling'oa mmoja kwa vidole viwili. Mizizi ilikuwa myeusi, inavunjika kama makaa. Halafu akatuonyesha miwili aliyokuwa hajaipanda, bado iko kwenye viriba vyake vya plastiki barazani. Nayo imekufa, mizizi ileile nyeusi. Wenzake kumi wa kikundi chao cha Kisiba yamewakuta hayohayo, akasema, na wengi hawana simu ya kuingilia mtandaoni, basi Tulia ndiye aliyewaagizia miche na kuwaandikia maoni wote kwa simu yake.

"Na lile neno?" mama mdogo akauliza.

Mama Esnath akainamisha kichwa. Alisema ni lake, alilitamka kwa uchungu, na Tulia akaandika kama alivyotamka. Akaomba lisirudi.

Mama mdogo alimuuliza Tulia kwa nini alifungua akaunti mpya badala ya kutumia zile walizoagizia. Tulia akamshangaa.

"Zile zilikataa, mama. Zinasema umeshatoa maoni."

Mama mdogo alitoa simu yake akatafuta majina ya kikundi, moja baada ya jingine. Nilichungulia begani kwake nikasoma naye. Esnath, nyota tano, mwezi wa kumi na mbili, "miche mizuri sana ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Wa pili, nyota tano. Wa tatu, tano. Wote kumi na mmoja. Zile nyota zilizompa mwalimu alama ya kijani zilitoka kwa watu hawahawa, siku waliyochukua miche, ikiwa bado mibichi na inang'aa.

Hakuna aliyedanganya. Sisi ndio tuliowauliza watu habari za mti kabla haujapandwa, kisha tukawafungia mlango walipokuwa na la kusema. Mama mdogo alikaa kwenye ukingo wa baraza, akaanza kuandika majina yote kumi na moja.

Jumapili alifanya kazi mchana kutwa. Zile akaunti mpya alizifunga, na kila mmoja, kwa idhini yake, maneno yake mapya yakaunganishwa na yale ya zamani, tarehe zote mbili zikionekana. Alama ya kijani akaiondoa kwa wauzaji wote, siyo mwalimu peke yake. Ujumbe wa pili wa kuomba maoni sasa utatumwa miezi sita baada ya kununua, na mteja anaweza kuongezea. Juu kabisa akaandika kwamba kosa la kuuliza mapema lilikuwa la tovuti. Chanzo cha miche kufa hakukisema, kwa sababu hakijui. Akampigia mwalimu kumweleza yote na kumwomba jibu lake. Mwalimu alikata simu.

Jumatatu kikundi kile cha miche mia nne kilinunua kwingine.

Jumatano nikakuta maoni mapya yanasubiri. Hayakuhusu miche, yalihusu Kitalu Chetu yenyewe, kutoka akaunti ya mwalimu Lukasi. Nyota moja. "Nimeuza hapa miaka miwili. Alama walinipa wao na wakaninyang'anya wao, kwa kosa lao. Nimepoteza wateja. Udongo wangu nimeupeleka ukapimwe."

Nilitazama uso wa mama mdogo. Nilidhani atayaweka pembeni, angalau mpaka majibu ya udongo yatoke. Alisoma mara mbili, akiangalia kama kuna tusi, kama kuna namba ya mtu, kama mwandishi kweli aliuza kwetu.

Halafu akabonyeza kitufe cha kupitisha, yakapanda juu ya ukurasa wetu wa mbele.