Tundu la Kiboko

Harufu ya nailoni ikiungua hunirudisha bwawani, jua likizama nyuma ya migunga. Mtumbwi wa mjomba umekaa mtupu ukingoni. Usiku uliopita kiboko alipita katikati ya wavu wake, wavu pekee tuliokuwa tunaulia ugali, akaacha tundu ambalo mtoto kama mimi angepenya.

Mjomba akatoa kisu, akaanza kulikuza.

"Mjomba, si unazidi kuuharibu?"

"Uzi uliochanika haushiki fundo, mama. Lazima niufikie uzi mzima kwanza."

Alikata mpaka yakabaki mafundo mazima tu. Akaanzia juu, kwenye fundo lililobaki na nyuzi tatu, akashuka mstari kwa mstari na sindano yake ya mti iliyoviringishwa uzi wa rangi ile ile. Kila jicho la wavu alilipima kwa vidole viwili. Chini kabisa akamalizia kwenye fundo jingine la nyuzi tatu, akaunguza ncha kwa kiberiti.

"Haya, nionyeshe tundu lilipokuwa."

Nilipapasa jicho kwa jicho mpaka giza likaingia. Sikulipata.

Mjomba akaupakia wavu mtumbwini, akaenda kuutega kwenye maji yale yale ya kiboko.