Sekunde Nne za Mama

Nilipoanza kuhariri video fupi hapa Karatu, sikuwa na kazi ya kuwaonyesha wateja. Nikaenda kijijini kwetu Endamarariek nikamrekodi mama akipepeta maharage, akinisimulia ujana wake. Kwenye video ya sampuli nilibakiza sekunde nne za mikono yake, nikaweka muziki juu.

Sampuli ile ikamleta mwongoza watalii mmoja. Alitaka video sita za kreta anakopeleka watalii, akauliza zitakuwa tayari lini. Ilikuwa kazi ya siku tatu. Mjinga mimi nikajibu, "Kesho." Kompyuta ilikuwa imejaa, na muda wa kuhamisha mafaili sikuwa nao. Nikafuta rekodi nzima ya mama.

Mama alipofariki, yule mteja alikuja msibani. Akaniambia angesubiri hata wiki.

Mikono ya mama ninayo. Sauti yake sina.