Siku Nilipomwigiza Muuza Mbaazi

Nilimwigiza mama wa mwenzangu, tena mbele ya mwenzangu mwenyewe, tena ndani ya somo la amani. Kama ujinga ungekuwa na cheti, ningekabidhiwa changu pale pale.

Somo lenyewe huwa Jumatano baada ya mapumziko, wakati darasa letu hapa Magogoni limeshiba na limejaa ujeuri. Mwalimu hutupa kisa cha kubuni, wawili wakakiigiza, sisi wengine tukatazama ni neno gani limewasha hasira na lipi limeizima. Mwishoni kila mtu huandika kidogo kwenye daftari lake la tafakari: nimehisi nini, mara nyingine nitafanya nini. Halina maksi, wala hulazimishwi kulisoma mbele ya watu. Sharti kubwa ni moja: kisa kibaki cha kubuni, mambo ya kweli ya mtu yasiingizwe.

Siku hiyo kisa kilikuwa cha kitabu kilichoazimwa kikarudishwa kimechanika. Mwazimaji mimi. Mwenye kitabu, jirani yangu wa dawati, kijana mkimya ambaye mama yake huuza mahamri na mbaazi za nazi nje ya geti letu. Kijana huyu alikuwa ameshaonywa kwa kupigana: akimgusa mtu tena, anarudishwa nyumbani, na mitihani ndiyo hiyo mlangoni. Nilijua. Darasa zima lilijua.

"Mbona kitabu changu kimekuwa hivi?" akaanza, vizuri kabisa.

Wenzangu wakanitazama. Walikuwa wakingoja niwachekeshe, na mimi nikingojwa sijiwezi. Nikaburura mguu mmoja, vile mama yake anavyouburura, nikajitwika sufuria ya hewa, nikaita kwa sauti yake: "Si nimefungia mahamri kurasa zake, mwanangu!"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Naye akanisukuma. Nikaangukia pembe ya dawati, mdomo ukapasuka.

"Basi! Igizo limekwisha!" Mwalimu akaingia kati yetu. Lakini naibu wa mwalimu mkuu alikuwa keshafika mlangoni.

"Nani kapiga?"

Vidole vyote vikamwelekea yeye. Vya wale wale waliokuwa wakicheka! Na mimi, damu mdomoni, nilikuwa na hasira hata sikujua nianze kumchukia nani.

Mwalimu akamwomba naibu asubiri kidogo. "Kila mmoja atasema kilichomuuma," akatuambia. "Mwenzake atakirudia, mpaka msemaji akubali kwamba ndivyo."

Jirani yangu akaanza, macho chini. "Mama aliumia mguu alipoanguka na sufuria ya moto, akiwahi kuja kuuza hapa. Mkimcheka, natamani asingekuwa mama yangu. Halafu najichukia."

"Anasema mamake alianguka, paka wakala mbaazi," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mara ya kwanza tangu nianze shule, wallahi.

"Sivyo," akasema.

"Anasema tunamcheka mamake."

"Sivyo. Hujamaliza."

Nilitamani kumrukia. Kuyasema maneno ya mtu hivi hivi, bila kuyapindua, kulinichoma kuliko ule mdomo. Nikayarudia yote. Hata lile "najichukia".

"Ndivyo," akasema.

Ikawa zamu yangu. "Nimeumia mdomo. Na nilikuchokoza nikijua utafukuzwa."

Akarudia bila kuongeza chumvi wala kupunguza. Hilo nalo likaniudhi! Angalau angenitukana.

Nikamgeukia naibu. "Mimi ndiye niliyeanza."

Naibu akasema basi, hatamrudisha nyumbani. "Lakini kusukuma ni kusukuma. Mama yake aje ofisini kwangu kesho asubuhi."

"Kwa nini mama yake? Mwite wangu!" nikafoka.

"Wako zamu yake inakuja. Keti."

Kwenye daftari niliandika nikikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nimehisi hasira: kwa naibu, kwa vidole vile, kwa mwalimu na kurudia-rudia kwake. Halafu nikajiongeza na mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa. Pale pa mara nyingine nitafanya nini, nikaacha wazi.

Nyumbani mama akauona mdomo kabla hata sijamaliza shikamoo.

"Mwana wa nani kakufanya hivi? Nipe buibui langu! Twende kwao sasa hivi!"

Nikamweleza. Nilijaribu kuyaruka ya mguu, akanirudisha. Nikayasema na hayo, na ya naibu pia. Mama akalivua taratibu lile buibui alilokuwa keshalivaa, akalikunja, akalitua kitini. Nikangoja kofi. Halikuja, nami nikakasirika hata kwa hilo.

Akasema: "Kesho asubuhi huyo mama akiwa ofisini anaijibu kesi uliyoianza wewe, nani atamuuzia mbaazi zake? Lala mapema, kesho getini utauza wewe."