Saba Kulia

Dada wa maabara alikuwa na penseli mbili, rula, karatasi ya miraba na simu yenye sauti ya marehemu baba yake. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, chuo cha ufundi kimetulia, na ndani ya maabara ya zege hapakuwa na mtu ila yeye na vipande vya zege vilivyozamishwa kwenye tangi la maji vikingoja siku yao ya kuvunjwa. Alikuwa ameshajiapiza: chemshabongo itatoka Jumatatu, kabla ya mtihani, na itakuwa ya mzee mwenyewe, neno kwa neno.

Usidhani ni mchezo wa watoto. Mzee Kokoto, ndivyo wanafunzi walivyomwita baba yake na mwenyewe akaitika, alifundisha ujenzi miaka ishirini na tisa, na kila mwisho wa muhula aliwapa darasa chemshabongo iliyotoka kwenye mhadhara wake wa mwisho. Asiyeijaza, alikuwa akisema, asije kunijengea hata banda la kuku. Na tangu bintiye yuko darasa la tano, mchora miraba alikuwa ni yeye. Mzee anakaa kitini anataja maneno, binti anapiga rula, wanabishana mpaka mama anawafukuza mezani.

Masharti yake yalikuwa machache, lakini hapo humtoi. Neno refu kuliko yote likae katikati. Kila neno lishikane na jingine walau kwa herufi moja. Linaloelea peke yake litolewe. Halafu, kubwa kuliko yote, vidokezo vitoke kwenye maneno aliyotamka darasani siku ile, si vya kunakili kitabuni. "Kitabu hawakukisikiliza," alikuwa akisema. "Walinisikiliza mimi."

Mhadhara wenyewe alikuwa nao kwenye simu. Kiongozi wa darasa, binti mmoja mrefu asiyekosa kiti cha mbele, aliurekodi, na baada ya mazishi akamtumia na salamu za darasa zima: dada, tunaomba chemshabongo yetu. Siku nane tu baada ya mhadhara ule mzee alianguka bafuni. Kiharusi. Hakuamka tena.

Basi dada akaanza. Katikati akaweka MGANDAMIZO, herufi kumi, hakuna lililolizidi. Kwenye N akateremsha NONDO, kwenye Z akateremsha ZEGE, na O ya mwisho ya NONDO ikamshikia KOKOTO, akacheka peke yake kwa jinsi mzee alivyojipenyeza hata humo. Kisha MSINGI, BORITI, UFA, MVUTO, na mengine mafupi upande wa juu. Herufi zilikuwa zinaitikiana vizuri mno. Alipomaliza akahesabu namba kuanzia juu, kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, na neno kubwa likaangukia saba kulia.

Akawasha simu kutafuta vidokezo. Weee! Sauti ya baba ikaijaza maabara, na machozi yakamtoka hata kabla hajaelewa kinachosemwa. Akajifuta kwa mkono wa koti la kazi, akaandika. Msingi: "unabeba nyumba yote na hakuna anayeusifu." Sawa. Ufa: "mdomo wa jengo linalolalamika." Akamwona kabisa, chaki sikioni, anangoja wacheke. Kidokezo baada ya kidokezo, mpaka akafika saba kulia.

"Mgandamizo," ilisema sauti, "ni ile nguvu inayovuta boriti kwa chini, katikati, ikielemewa na mzigo. Zege ni hodari wa kuvutwa. Nondo tunamweka ili akandamizwe."

Dada akasimamisha penseli. Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, na tena.

Hapana. Kinyume chake! Zege ndilo hodari wa kukandamizwa, ndiyo maana kila siku yeye mwenyewe alikuwa akivibana vipande vyake kwenye mashine mpaka vipasuke. Kuvutwa ndiko zege lisikokuweza. Boriti ikielemewa huvutika upande wa chini, na nondo hulazwa pale chini kwa sababu hiyo. Hilo mzee alilijua kuliko jina lake. Alimfundisha bintiye kwa kipande cha sabuni, akikipinda mpaka kipasuke kwa chini: unaona, mama, panapofunguka ndipo panapovutwa.

Akaiacha simu iendelee. Kikaja kimya kirefu. Kitu kikaanguka sakafuni, tak. Halafu sauti ya mwanamke, karibu sana, yenye kicheko: "Mzee, hiyo njaa! Nenda ukanywe chai kwanza." Darasa zima likaangua kicheko. Na baba, taratibu, kwa ulimi mzito: "Eh. Tulikuwa wapi?"

Mwanamke yule alikuwa yeye.

Alikumbuka yote kwa mkupuo. Alikuwa ameleta vipande vya maonyesho, akasimama mlangoni. Kilichoanguka ni chaki. Aliiokota yeye mwenyewe, akamrudishia mkononi, na ule mkono ulishindwa kuishika mara ya kwanza. Baba akasema, mkono umelala, mama. Naye akacheka! Akaenda zake kuosha ndoo. Siku nane, jamani. Zahanati iko nyuma ya karakana, hatua mia mbili hazifiki. Dada akalaza kichwa juu ya karatasi ya miraba akalia kwa sauti, kilio cha mtu asiye na wa kumwambia nyamaza.

Alipoinuka, saba kulia ilikuwa bado inangoja. Akiandika alivyosema mzee, wanafunzi thelathini wataingia kwenye mtihani na uongo kichwani, na kesho watasimamia nyumba za watu. Akiandika ukweli, amevunja sharti la baba yake katika chemshabongo yake ya mwisho. Akashika kalamu, akaandika: "Nguvu ambayo zege huimudu vizuri bila kusaidiwa na nondo." Maneno yake, si ya mzee. Ilimuuma kama anayemkana.

Jumatatu darasa likainama kimya. Kiongozi wa darasa akainua mkono.

"Dada, saba kulia. Herufi zinakubali mgandamizo, lakini kwenye daftari nina maneno ya mzee, na yanapingana na kidokezo chako. Nani kakosea?"

"Mzee alikosea."

Minong'ono ikapita. Mmoja nyuma akasema haiwezekani, Mzee Kokoto akosee hilo?

"Alikuwa anaumwa tayari siku ile," dada alisema. "Ubongo ulikuwa umeshaanza kuzidiwa. Kakosea mbele yetu sote, na mimi ninayejua nikamwambia akanywe chai. Futeni. Andikeni hivi nilivyoandika mimi."

Wakafuta. Hakuna aliyemtazama usoni.

Jioni mama yake alimngoja mezani na miwani mkononi. "Wameijaza?"

"Yote, mama."

"Nisikilizishe basi. Tangu azikwe sijasikia sauti yake."

Akawasha. Mama akafumba macho, akatabasamu kwenye msingi, akacheka kwenye ufa. Zilipobaki sekunde chache kufika kwenye mgandamizo, dada akazima.

"Mbona unazima?"

"Imeishia hapo."

Mama akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono. "Nikikumbuka wewe ulikuwa naye kule kazini kutwa, napata nguvu, mwanangu. Mimi macho yangu ndiyo haya. Lakini wewe, kama kungekuwa na dalili yoyote, ungeiona."

"Ndiyo, mama," alisema dada wa maabara.