Picha Nje ya Orodha

Swali lililonichosha kuliko yote katika kazi yangu ya kupiga picha Kisumu lilikuwa hili: "Picha moja ni ngapi?" Niliulizwa na maharusi, na wachungaji, na wenyeviti wa kamati za harambee. Najibu kwamba siuzi picha moja moja, nauza shughuli nzima: siku yangu, nauli, filamu mbili, kuosha, kuchagua, na albamu ya picha ishirini na nne. Mtu ananisikiliza vizuri, anaitikia kwa kichwa, halafu anasema: "Sawa, nimeelewa. Lakini moja ni ngapi?"

Kuchagua nako kulikuwa ugomvi wa kila wiki. Filamu mbili ni picha sabini na mbili. Nilizichapa kwanza zote zikiwa ndogo kama stempu, nikazipitia kwa lenzi. Aliyefumba macho, nje. Aliyejaza wali mdomoni, nje. Mteja akifungua albamu na kuhesabu ishirini na nne, ananitazama kama mwizi wa kuku. Bwana harusi mmoja wa Maseno, mwalimu mzima, alidai nimletee hata picha ya mgongo wa mpishi, kwa sababu ilipigwa kwenye harusi yake.

Lakini aliyenitia adabu alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alichukua picha ya bibi harusi kutoka kwa albamu ya jamaa yake, akaiweka kwenye kalenda, na yule dada akatangaza simiti mwaka mzima bila kuulizwa. Mumewe hakwenda dukani. Alikuja kwangu, akanitukana mbele ya wateja. Karani wa wakili mmoja, rafiki yangu, akanieleza kwamba kisheria anayeagiza picha na kulipa ndiye mwenye picha, isipokuwa mmeandikiana vingine. Basi nikaandika vingine. Filamu zinabaki kwangu. Nakala haitoki kwa mtu mwingine bila ruhusa ya maandishi ya aliyelipa. Kalenda au gazeti, malipo yake mbali. Na aliyelipa akitaka filamu yenyewe, anaweza kuinunua. Hicho kifungu cha mwisho nilikitia ili nisionekane mchoyo. Nilijiona mjanja sana na karatasi yangu.

Ndipo likaja tangazo la mazishi kule Kombewa. Aliyefariki alikuwa karani mjini, na aliyeniajiri ni kaka yake mkubwa, mzee nadhifu aliyeniletea orodha imepigwa chapa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kwa mara ya kwanza mteja alijua anachotaka. Jeneza na mama mzazi. Jeneza na mke pamoja na watoto wake watano. Jeneza na wafanyakazi wenzake. Chini kabisa, kwa kalamu, alikuwa ameongeza: mtu mwingine asipigwe picha.

"Unapiga wenye nimeandika tu," aliniambia. "Omera, ndugu yangu, umeelewa?"

Nilielewa. Akatia sahihi karatasi yangu bila kuisoma.

Siku ya mazishi nilifuata orodha hadi watu walipopanga foleni kumuaga marehemu. Jeneza lilikuwa na kioo upande wa uso. Mwanamke mmoja asiyekuwa kwenye orodha akafika, akamwinua msichana wa kama miaka minne ili aone. Mtoto akaweka kiganja juu ya kioo. Mwanga ulikuwa mzuri, uso wa baba unaonekana, uso wa mtoto unaonekana, na kidole changu kikabonyeza kabla sijakumbuka orodha. Wanawake wawili wakamsogeza yule mama pembeni, bila kelele.

Nilipochagua, ile picha ilikuwa bora kuliko zote sabini na mbili. Niliiacha nje ya albamu kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa. Mzee akachukua albamu yake, akahesabu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mteja hakuuliza zingine ziko wapi.

Wiki mbili baadaye yule mama akaja dukani kwangu na mtoto. Alikuwa akiuza nguo za mitumba Otonglo, kwao ni upande wa Kakamega. Alikaa nami kwa adabu, akaeleza mambo yake kwa ufupi. Ameishi na marehemu miaka sita. Baba hakupenda kupigwa picha nao. Kila akiombwa, anasema mwezi ujao.

"Niliona taa ya kamera yako ikiwaka pale kwenye jeneza," alisema. "Huyu mtoto hana kitu cha baba yake. Hata shati walichukua. Nipatie tu hiyo moja, Bwana. Nitalipa."

Ningeingia chumba cha giza na kuichapa kwa dakika kumi. Badala yake nikamtolea karatasi. Nikamsomea kifungu, kwa sauti ile ile niliyowasomea wanaouliza moja ni ngapi. Nikamwambia, "Mama, lete ruhusa ya yule mzee, nami nitakupa siku hiyo hiyo." Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka na watu wanaotaka kupindisha utaratibu wangu. Nilimwona kama mmoja wao. Hilo bado linaniuma.

Akaenda Kombewa, mjinga mimi, kwa sababu nilimtuma. Ruhusa hakupata. Alichofanya ni kumjulisha mzee kwamba picha ipo.

Mzee alikuja Jumatatu asubuhi, mapema, na karatasi yangu mkononi. Safari hii alikuwa ameisoma. Aliweka kidole kwenye kifungu cha mwisho.

"Nataka kununua hiyo filamu," alisema. "Hiyo moja. Na ile karatasi ya picha ndogo ndogo."

Nikajaribu kumwambia kwamba ni mtoto tu, ameshika kioo, basi. Akaniuliza kama ile sahihi chini ni yangu au si yangu. Hakupandisha sauti. Alisema mambo ya shamba la marehemu yatasikizwa kortini karibuni, na hataki picha za kuleta maneno. Nikatoa filamu kwenye bahasha, nikakata fremu moja kwa makasi, nikampa. Alichukua makasi yangu, akaikata vipande vidogo vidogo juu ya kaunta yangu, karatasi pia, akavifunga ndani ya leso. Akaomba risiti, nami nikamwandikia.

Yule mama alirudi Ijumaa. Alikuwa amemvalisha mtoto rinda safi, sijui kwa nini, labda alidhani nimebadili moyo. Nikamweleza yote. Sikumficha kitu, maana nilitaka anitukane kama yule mume wa kalenda. Hakunitukana.

"Wewe na yeye mliandikiana," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi nilikuwa ndani ya hiyo picha. Mtoto pia. Sisi nani aliandikiana na sisi?"

Miaka yote nilikuwa nimefikiria aliyelipa na aliyepiga. Nilijisikia mdogo mbele yake, na kwa aibu nikafanya la haraka: nikavuta kiti, nikawasha taa, nikasema nitampiga mtoto picha nzuri, kubwa, bila malipo yoyote.

Alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Mtoto niko naye, Bwana," alisema. "Baba ndiye hatuna."

Akamshika mkono wakatoka. Nikabaki nimesimama na taa zangu zinawaka.